Kigali Ina Vinyozi Wangapi? Namna ya Kujibu Usichokijua Mbele ya Wasaili

Umevaa vizuri, vyeti vyako vimo kwenye bahasha, na umejiandaa kueleza elimu yako, uzoefu wako na sababu za kuitaka kazi hii. Ghafla mmoja wa wasaili anakutazama na kukuuliza: “Jiji la Kigali lina vinyozi wangapi?” Kazi uliyoomba ni ya uhasibu, au ya utunzaji wa bohari, au ya uratibu wa mradi wa maji. Hakuna mahali popote ulipofundishwa idadi ya vinyozi. Unafanya nini?

Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wako wanaosema “sijui” kisha wakanyamaza, na wako wanaotaja namba yoyote inayowajia kinywani, “labda mia tano,” kisha wakanyamaza vilevile. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini mbele ya jopo yana thamani moja: yote mawili hayampi msaili kitu cha kupima. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba swali la namna hii haliulizi namba, linauliza njia; na kwamba msailiwa anayejua jambo hilo anaweza kujibu vizuri hata kama namba yake si sahihi. Nina neno pia kwa wanaokaa upande wa pili wa meza, kwa sababu si kila swali la ajabu lina haki ya kuulizwa.

Tuanze kwa kutenganisha maswali haya, maana watu huyatia yote katika kapu moja.

Aina ya kwanza ni chemshabongo yenye ufunguo. Mfano maarufu duniani ni ule wa mfuniko wa chemba ya majitaka barabarani: kwa nini mara nyingi huwa wa duara? Jibu linalosubiriwa ni kwamba duara lina upana uleule pande zote, hivyo mfuniko hauwezi kutumbukia katika shimo lake, ilhali mfuniko wa mraba ukisimamishwa na kugeuzwa kufuata mshazari wa shimo unaweza kupita. Anayelijua jibu hili mara nyingi alilisikia mahali. Asiyelisikia anaweza kukaa dakika tano akitokwa na jasho.

Sisi walimu wa Kiswahili tunaifahamu aina hii kwa jina lake la nyumbani: ni kitendawili. Na wahenga waliotuachia kitendawili walikuwa waungwana kuliko majopo mengi ya siku hizi. Mtegaji husema “kitendawili,” mteguaji hujibu “tega,” na akishindwa huombwa mji. Akishautoa mji, mtegaji hueleza jinsi alivyosafiri na kufurahi katika mji huo, kisha humfumbulia jibu. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe umeweka njia ya heshima ya kutojua. Katika chumba cha usaili hakuna anayekuomba mji. Kutojua kwako huandikwa kwenye karatasi na kufungwa ndani ya faili.

Aina ya pili ni swali la makadirio, kama hili la vinyozi. Halina ufunguo. Msaili mwenyewe kwa kawaida hajui idadi hiyo, na hana haja ya kuijua. Anachoweza kukiona ni jinsi unavyolichukua jambo kubwa lisilojulikana na kulikata vipande vidogo ambavyo kila kimoja una fununu nacho.

Aina ya tatu ni swali la kutikisa: “Tumewaona watu bora kuliko wewe tangu asubuhi. Kwa nini tupoteze muda hapa?” Swali hili halina hesabu wala fumbo. Limekusudiwa kukubana ili ionekane utafanya nini ukibanwa. Nitalirudia kwa ufupi baadaye, maana dawa yake ni tofauti.

Mbinu ya makadirio haikubuniwa na maofisa wa ajira. Inahusishwa na Enrico Fermi, mwanafizikia wa Kiitaliano aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1938, kisha akahamia Marekani na baadaye kufundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago. Swali linalonasibishwa naye ni la warekebisha piano wa Chicago: wako wangapi? Hata hivyo, mfano wa Fermi ninaoupenda zaidi ni wa mwezi Julai mwaka 1945, katika jaribio la kwanza la bomu la nyuklia katika jangwa la New Mexico. Wimbi la mlipuko lilipomfikia, alidondosha vipande vya karatasi, akapima vilisogezwa umbali gani, na kutokana na umbali huo wa takriban mita mbili na nusu akakadiria kwamba nguvu ya mlipuko ilikuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya kitaalamu vya baadaye vilionyesha kiasi cha karibu tani 20,000 au zaidi kidogo. Alikosea kwa nusu, na bado kisio lake lilikuwa na faida kubwa: lilitofautisha tani elfu moja na elfu kumi, na elfu kumi na laki moja, kwa vipande vya karatasi tu. Hiki ndicho kipimo cha ufaulu katika makadirio. Lengo ni kuwa katika ujirani wa ukweli.

Sasa turudi Kigali, tulijibu swali letu hatua kwa hatua, kwa sauti, kama inavyofaa mbele ya jopo.

Hatua ya kwanza ni kulifafanua swali. “Naomba kuuliza, Mheshimiwa Mwenyekiti: tunamhesabu kila mtu anayefanya kazi ya kunyoa kwa malipo, au maduka ya kinyozi?” Swali hili dogo si ujanja wa kununua muda, ingawa muda nao hupatikana. Duka moja laweza kuwa na vinyozi wanne, hivyo majibu ya maswali hayo mawili yanatofautiana mno. Tuseme mwenyekiti amejibu: wahesabu watu. Ikiwa hajibu, chagua mwenyewe na utamke uliyochagua.

Hatua ya pili ni kutaja njia kabla ya kutaja namba yoyote. “Nitatafuta kwanza vichwa vingapi hunyolewa kwa siku jijini, kisha nigawe kwa vichwa ambavyo kinyozi mmoja huvimaliza kwa siku.” Sentensi hii moja ina thamani kubwa kuliko hesabu itakayofuata. Msaili sasa ana ramani ya safari yako, na ukipotea njiani anaona umepotea wapi.

Hatua ya tatu ni kujaza vipande. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi kidogo ya 1,745,000 katika Jiji la Kigali. Aliyesahau takwimu hiyo aseme “kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili” na aendelee. Tuchukue 1,750,000. Nusu yao ni wanaume na wavulana, yaani 875,000. Kati ya hao wamo watoto wachanga, wanaofuga nywele, na wanaonyolewa nyumbani kwa mashine ya kaka au ya jirani. Tuwaondoe robo hivi, wabaki 650,000. Lakini hapa kwetu kuna kundi ambalo mgeni angelisahau: wasichana wengi wa shule hukatwa nywele zikawa fupi kama za wavulana, na wanawake watu wazima wengi pia hupenda nywele fupi. Tuongeze 150,000. Jumla ni vichwa 800,000.

Kila kichwa hunyolewa mara ngapi? Wapo wa kila wiki na wapo wa kila mwezi. Tuchukue wastani wa wiki tatu. Kinyozi akifanya kazi siku sita kwa wiki, wiki tatu ni siku 18 za kazi. Gawa 800,000 kwa 18, unapata vichwa 44,000 na ushei kwa siku.

Kinyozi mmoja humaliza vichwa vingapi? Kichwa kimoja huchukua kama nusu saa, na duka hufunguliwa kwa saa kumi au zaidi, hivyo akifululiza angefikisha 20. Lakini hafululizi. Asubuhi za katikati ya wiki hukaa akisubiri, na wateja hufurika mwisho wa wiki. Tuchukue nusu, yaani 10. Gawa 44,000 kwa 10: vinyozi 4,400.

Wasailiwa wengi wakifika hapa hupumua na kunyamaza. Wasinyamaze, maana hatua inayofuata ndiyo inayomtofautisha mwenye kufikiri na mwenye kuzidisha na kugawa.

Hatua ya nne ni uhakiki, yaani kulipima jibu kwa njia nyingine isiyotegemea hesabu ya kwanza. Vinyozi 4,400 kwa watu 1,750,000 ni kinyozi mmoja kwa watu 400 hivi. Watu 400 ni kama kaya 100 zenye watu wanne wanne. Sasa jiulize, na umwambie msaili kwamba unajiuliza: katika mtaa ninaoishi, je, kaya mia moja zina kinyozi mmoja? Funga macho utembee mtaani kwako. Ikiwa unakumbuka duka moja lenye viti viwili kwa kila kaya mia mbili, kisio lako limesimama. Ikiwa unakumbuka maduka matano katika kaya hizohizo, basi umekadiria chini, na ni afadhali uligundue wewe kuliko kugunduliwa na jopo.

Hatua ya tano ni kuonyesha udhaifu wa jibu lako. Ni kisio lipi, likibadilika, litaliyumbisha jibu? Chukua lile la wasichana wa shule na wanawake. Ukiwasahau kabisa, unabaki na vichwa 650,000, na jibu linashuka kutoka 4,400 hadi 3,600 hivi. Si kitu kikubwa. Lakini ukisema watu hunyolewa kila wiki mbili na kinyozi humaliza vichwa 8 tu, unapata zaidi ya vinyozi 8,000. Ukisema hunyolewa kila wiki nne na kinyozi humaliza 15, unapata 2,200. Kwa hiyo uzito wa jibu umekaa katika visio viwili: muda kati ya kunyolewa na kunyolewa, na kazi ya kinyozi kwa siku. Hitimisho la haki ni hili: “Kisio langu ni kama vinyozi elfu nne na mia nne. Ningeshangaa wakiwa chini ya elfu mbili au zaidi ya elfu nane. Kama ningeruhusiwa kutafiti jambo moja tu, ningekaa siku mbili katika maduka machache nikihesabu wateja.”

Tazama sentensi hiyo ya mwisho. Mtu aliyeanza bila kujua lolote amemaliza kwa kulieleza jopo ni taarifa ipi inakosekana na namna ya kuipata kwa gharama ndogo. Mkuu wa bohari, mratibu wa mradi na mhasibu hufanya hivyohivyo kila wiki.

Utauliza kwa nini mnyororo wa makisio haufiki mbali na ukweli wakati kila kiungo chake kina shaka. Sababu ni kwamba makosa hayaelekei upande mmoja. Hapa umekadiria juu, pale umekadiria chini, na katika kuzidisha na kugawa makosa hayo hupunguzana. Lakini faida hii ina mpaka. Mtu mwenye hamu ya jibu kubwa atavuta kila kisio juu, naye atafika mbali na ukweli bila kuona kosa lolote katika hesabu. Aidha, ukikata swali vipande kumi na tano badala ya vinne au vitano, unaongeza mashaka tu na kumchosha msikilizaji. Na ukitumia namba zenye mikia, kama 874,613, utajikwaa katika kugawa na kupoteza uzi. Tumia namba zinazogawika kichwani, na useme wazi kwamba umezifanya namba duara.

Vipi ikiwa swali si la makadirio bali ni fumbo lenye jibu moja, nawe huna ufunguo? Hapo pia kuna njia ya kuonyesha fikra. Chukua hili: una sarafu nane zinazofanana, moja imezidi nyingine kwa uzito kidogo sana, na una mizani ya sahani mbili isiyo na mawe ya kupimia. Itambue iliyozidi kwa kupima mara mbili tu.

Anza na njia ya polepole ambayo una hakika nayo. “Nikizipima mbili mbili, moja kila sahani, nitaipata kwa kupima mara nne kwa wingi.” Umeshatoa jibu linalofanya kazi, ingawa ni refu. Kisha liboreshe: “Nikiweka nne huku na nne huku, sahani moja itashuka. Nitagawa zile nne kuwa mbili mbili, kisha moja moja. Mara tatu.” Wengi hukwama hapa, na wanapokwama hukaa kimya wakitumaini mwangaza utashuka kutoka darini. Badala ya kunyamaza, sema unachokiona: “Katika kupima kwangu, mizani imenipa majibu mawili tu: kulia kumeshuka au kushoto kumeshuka. Lakini mizani ina jibu la tatu ambalo sijalitumia: sahani kulingana.” Mara ukilitamka hilo, mlango unafunguka. Ili sahani ziweze kulingana, lazima baadhi ya sarafu zibaki nje. Weka tatu huku, tatu huku, na mbili ziache mezani. Sahani zikilingana, nzito iko miongoni mwa zile mbili, nawe unazipima moja kwa moja. Sahani moja ikishuka, chukua tatu zake, pima mbili, ya tatu iache nje: zikilingana, ni ile ya nje. Mara mbili, basi.

Hata kama mlango haukufunguka na ukaishia mara tatu, msaili mwenye haki amesikia mambo matatu: ulianza na jibu la hakika, ukaliboresha, na ukaeleza kikwazo kilipo. Aliyekaa kimya dakika nne kisha akatoa jibu sahihi huenda alilikumbuka tu.

Hapa niweke onyo, kwa sababu mbinu hii ina watu wanaoitumia vibaya. Kisio ni halali pale tu ambapo kitu chenyewe kinakadirika. Ukiulizwa sheria fulani inampa mfanyakazi likizo ya siku ngapi, au dawa fulani hutolewa kwa kipimo gani, usikadirie. Mambo hayo yameandikwa mahali, na anayeyakisia mbele ya jopo anaonyesha kwamba atayakisia hata kazini. Jibu la heshima lina sehemu tatu: sijui kiwango chenyewe, ninajua kimeandikwa wapi, na kabla ya kukithibitisha nisingechukua hatua hii wala ile. “Sijui” iliyofuatwa na sentensi mbili za namna hiyo ni jibu kamili.

Na swali la kutikisa je? Hili halihitaji hesabu, linahitaji kutenganisha maneno na ukali wake. Ndani ya “kwa nini tupoteze muda hapa?” kuna swali la kawaida kabisa: una kitu gani ambacho kazi hii inakihitaji? Lijibu hilo, kwa sauti ileile uliyoitumia tangu mwanzo, kwa mfano mmoja wa kazi uliyoifanya, kisha nyamaza. Usijitetee dhidi ya wale “watu bora” usiowaona, wala usicheke kwa kujipendekeza. Ikiwa swali limevuka mpaka na kugusa ndoa yako, kabila lako au mpango wako wa kuzaa, una haki ya kuuliza kwa adabu: “Naomba kufahamu jambo hili linahusianaje na kazi yenyewe?” Jibu utakalopewa litakueleza mengi kuhusu mahali unapotaka kuajiriwa.

Sasa niwageukie waheshimiwa wasaili, hasa wale wanaowachagua watu kwa niaba ya umma.

Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza masuala ya watumishi katika kampuni ya Google, alieleza hadharani kwamba maswali ya chemshabongo ambayo kampuni hiyo ilikuwa imesifika nayo hayakutabiri chochote kuhusu utendaji wa mtu kazini, na kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya muulizaji ajione mwerevu. Kampuni hiyo ilikuwa na uwezo wa kulinganisha majibu ya usaili na utendaji wa watu waliowaajiri, ikaona hakuna uhusiano. Inasikitisha kwamba wakati wao wanalivua vazi hilo, baadhi yetu tunalivaa kwa fahari.

Ubaya wa kitendawili katika usaili wa umma ni mkubwa kuliko kupoteza muda. Kitendawili humpendelea aliyewahi kukisikia. Nani amewahi kuyasikia maswali ya mifuniko na sarafu? Ni yule mwenye intaneti nyumbani, mwenye ndugu aliyesailiwa mwezi uliopita, mwenye fedha ya kulipia mafunzo ya usaili. Kijana wa Nyamagabe aliyesoma kwa taa ya mafuta anaweza kuwa na akili kali kuliko wote chumbani, lakini kitendawili hakimpimi akili, kinampima jirani zake. Na zaidi ya hayo, swali lisilo na mizani ya alama ni kichaka kizuri cha kumficha ndugu wa mtu: wawili wametoa majibu yanayofanana, mmoja kapewa nane, mwingine tatu, na hakuna karatasi inayoeleza kwa nini.

Sisemi maswali ya makadirio yafutwe. Nasema yakiulizwa, yatimize masharti mawili. La kwanza, wasailiwa wote wa nafasi ileile waulizwe swali lilelile, na alama zigawanywe kabla ya mtu wa kwanza kuingia: alama kwa kulifafanua swali, alama kwa kutaja njia, alama kwa kutaja visio waziwazi, alama kwa kuhakiki. Namba ya mwisho ipewe sehemu ndogo kabisa, na wasaili wakubaliane mapema ni upana gani wa majibu utapokelewa.

La pili, swali litoke ndani ya kazi yenyewe. Anayeajiri mtunza bohari wa shule ya bweni ana haja gani na vinyozi? Amuulize: “Shule ina wanafunzi 600 na muhula una wiki 12. Maharage ya kununua ni kilo ngapi?” Msailiwa ataanza kuuliza: ni milo mingapi ya maharage kwa wiki? Akiambiwa mitano, atakadiria gramu 100 za maharage makavu kwa mwanafunzi kwa mlo. Hiyo ni kilo 60 kwa mlo, kilo 300 kwa wiki, kilo 3,600 kwa muhula. Kisha mwenye akili ya kazi ataongeza jambo ambalo halikuulizwa: wadudu, unyevu, na mifuko inayopungua uzito. Hapo jopo limeona fikra na limeona kazi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuja na ufunguo mfukoni.

Nawe msomaji unayesubiri kuitwa, usikariri idadi ya vinyozi niliyoitoa hapa. Leo jioni chagua kitu kimoja unachokiona kila siku bila kukihesabu, kama pikipiki zinazopita kituo cha Nyabugogo kwa saa moja au chapati zinazouzwa sokoni Kimironko kwa siku. Kadiria kwa sauti, mbele ya mtu mwingine, kwa hatua tano tulizozipitia. Kisha, kama kinahesabika, nenda ukakihesabu uone umepotea kwa kiasi gani, na ni kisio lipi lililokupoteza.